Duka Letu Lina Faida, Lakini Je, Lina Ziada?



Katika Mkutano Mkuu ujao hesabu za duka letu la vifaa zitasomwa mbele yenu, na baada ya kusomwa mtaombwa mpige kura juu ya jambo moja kubwa: kufungua duka la pili upande wa kaskazini, kwa pesa za akiba ya Chama. Wanaolitaka jambo hili wana hoja moja yenye nguvu. Wanasema kuwa duka la kwanza lina faida, na kitu chenye faida kikifanywa viwili huleta faida mara mbili. Sisi twaona kuwa hoja hii yafaa ipimwe kabla ya kura, wala si baada yake. Kwa sababu hiyo tumeamua kulieleza jambo hili kwa urefu katika ukurasa huu, ili kila mwanachama aingie mkutanoni akiwa na hesabu yake mkononi.

Hesabu ya mwaka yenyewe si ngumu. Duka liliuza magunia, majamvi, kamba, vikapu, mapanga, majembe na mbolea kwa jumla ya Sh. 320,000,000. Bidhaa hizo zilinunuliwa kwa Sh. 250,000,000. Mishahara, uchukuzi, taa, matengenezo na uchakavu wa gari na jengo vilichukua Sh. 30,000,000. Kwa hivyo faida itokanayo na kazi yenyewe ya duka ni Sh. 40,000,000. Banki iliyotununulia bidhaa kwa mkataba wa murabaha ilichukua haki yake ya Sh. 6,000,000, zikabaki Sh. 34,000,000. Kodi ya mapato ya 30 kwa mia ikachukua Sh. 10,200,000. Mwisho wa karatasi pameandikwa faida ya Sh. 23,800,000, na hiyo ndiyo itakayosomwa kwa sauti kubwa.

Hatusemi kuwa hesabu hii ni ya uwongo. Kila shilingi iliyomo ina stakabadhi yake. Tunasema kuwa kuna mtu mmoja aliyelifanyia duka kazi mwaka mzima na ujira wake haukuandikwa popote. Mtu huyo ni rasilmali yenu. Mpagazi amelipwa, karani amelipwa, banki imelipwa, na Serikali imechukua kodi yake. Lakini pesa za wanachama zilizolala katika magunia, katika jengo na katika madeni zimehesabiwa kana kwamba zimeokotwa njiani.

Hili si jambo lililogunduliwa leo. Alfred Marshall, mwanachuoni wa uchumi wa Kiingereza, aliandika tangu mwaka 1890 kuwa mwenye biashara hajui alichopata kwa uendeshaji wake mpaka kwanza aondoe katika faida yake malipo ya rasilmali aliyoitia, kwa kiwango kinachotumika sokoni. Karibu miaka mia moja baadaye kampuni ya washauri ya Stern Stewart ya mjini New York ikaipanga hesabu hiyo, ikaipa jina maalumu na kuieneza katika makampuni makubwa, Coca-Cola ikiwa mojawapo. Jina lao kwa Kiswahili ni thamani ya kiuchumi iliyoongezwa. Sisi katika ukurasa huu tutaiita ziada, kwani ndivyo ilivyo: ni kile kinachozidi baada ya kila mmoja, pamoja na rasilmali, kupata haki yake.

Kanuni yake ni fupi. Chukua faida ya kazi baada ya kodi. Kisha chukua rasilmali yote iliyotumika, uizidishe kwa gharama yake kwa mwaka. Ondoa hiyo ya pili katika ile ya kwanza. Kikibaki kitu, duka limeongeza mali ya wanachama. Kikipungua chini ya sifuri, duka limekula mali ya wanachama hata kama karatasi inaonyesha faida. Tuzichukue sehemu hizo tatu moja baada ya moja.

Ya kwanza ni faida ya kazi baada ya kodi. Hapa tunarudi kwenye zile Sh. 40,000,000, kabla ya haki ya banki, tunaondoa kodi ya 30 kwa mia, na zinabaki Sh. 28,000,000. Huenda mtu akauliza, mbona mmeirudisha haki ya banki wakati imekwisha kulipwa? Tumeirudisha kwa sababu banki nayo ni mmoja wa waliotoa rasilmali, na malipo yake yatahesabiwa pamoja na ya wengine katika sehemu ya tatu. Tukimwondoa hapa na tukamwondoa tena kule, tutakuwa tumemlipa mtu mmoja mara mbili.

Ya pili ni rasilmali iliyotumika. Jengo na rafu zake zimo vitabuni kwa Sh. 44,000,000, na gari kwa Sh. 16,000,000. Bidhaa zilizokuwamo ghalani, kwa wastani wa mwaka, zilikuwa za Sh. 84,000,000. Madeni ambayo wanachama wanadaiwa na duka, kwa wastani huo huo, yalikuwa Sh. 76,000,000. Jumla ni Sh. 220,000,000. Katika hizo tunaondoa Sh. 20,000,000 tunazodaiwa na wenye kutuletea bidhaa, kwani wao hungoja malipo yao bila ya kutaka nyongeza. Zinabaki Sh. 200,000,000. Hiyo ndiyo rasilmali ya duka: Sh. 50,000,000 zimetoka banki, na Sh. 150,000,000 ni zenu.

Ya tatu, na hii ndiyo yenye mjadala, ni gharama ya rasilmali hiyo. Katika kila shilingi mia, 25 ni za banki na 75 ni za wanachama. Banki inachukua 12 kwa mia. Lakini kwa kuwa malipo hayo yameondolewa kabla ya kodi, yametupunguzia kodi kwa 30 kwa mia, na gharama yake halisi ni 8.4 kwa mia. Pesa za wanachama tumezikadiria kwa 18 kwa mia. Shilingi 25 kwa 8.4 kwa mia ni shilingi 2.10. Shilingi 75 kwa 18 kwa mia ni shilingi 13.50. Ukizijumlisha unapata shilingi 15.60 kwa kila mia.

Kwa nini 18? Hakuna kitabu kilichoiandika, wala hatudai kuwa imeshuka kutoka mbinguni. Tumeipata hivi. Banki inaridhika na 12, na banki ina dhamana ya gari na jengo, na hulipwa kwanza, mvua inyeshe au isinyeshe. Mwanachama hana dhamana, na hulipwa mwisho, baada ya wote. Anayesimama mwisho wa mstari na kubeba khatari yote hawezi kutaka kidogo kuliko anayesimama mbele. Basi kiwango chake hakina budi kizidi 12. Kwa kiasi gani kinazidi, hilo ni la kushauriana, na tutalirudia.

Sasa tumalizie. Rasilmali ya Sh. 200,000,000 kwa 15.6 kwa mia inadai Sh. 31,200,000 kwa mwaka. Duka limeleta Sh. 28,000,000. Ziada ni upungufu wa Sh. 3,200,000. Asiyeiamini njia hii aifanye hesabu kwa mlango wa pili: achukue faida ya mwisho iliyosomwa, Sh. 23,800,000, ambayo ndani yake banki imekwisha lipwa, na aondoe haki ya wanachama peke yao, yaani Sh. 150,000,000 kwa 18 kwa mia, ambayo ni Sh. 27,000,000. Atapata upungufu ule ule wa Sh. 3,200,000. Milango miwili ikikupeleka katika chumba kimoja, hesabu imesimama sawa. Isipokupeleka, tafuta ulipokosea.

Tunajua kuwa hapa baadhi ya ndugu zetu watauliza swali lililo zito kuliko yote: je, kutoza pesa zetu wenyewe 18 kwa mia si riba? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Riba ni nyongeza anayotozwa mdaiwa juu ya deni. Hapa hakuna mdaiwa wala hakuna anayetozwa. Hakuna shilingi inayotoka katika mfuko wa mtu kwenda katika mfuko wa mwingine. Ni kipimo tu, kama pishi. Tunauliza: lau kama mali hii ingalikuwa katika biashara nyingine ya halali, yenye khatari kama hii, kwa ushirika wa kugawana faida, tungalitaraji kupata nini? Kile tulichokiacha ndicho gharama. Mwenye shamba aliyemruhusu jamaa yake kulima bure anajua kuwa ameacha kodi, hata kama hakuidai. Hata hivyo sisi si watoaji fatwa, na mwenye shaka na awaulize wenye ilimu.

Sasa tuje kwenye duka la kaskazini. Makisio yaliyoletwa na wanaolitaka yanasema kuwa litahitaji Sh. 75,000,000: matengenezo ya jengo na rafu Sh. 15,000,000, bidhaa Sh. 50,000,000, na madeni ya wanachama Sh. 10,000,000. Litaleta faida ya kazi ya Sh. 9,000,000 kwa mwaka, na baada ya kodi Sh. 6,300,000. Kwa kuwa pesa zitatoka katika akiba ya Chama, hapatakuwa na haki ya banki ya kuondoa. Kwa hivyo mwaka unaofuata karatasi itaonyesha kuwa faida imepanda kutoka Sh. 23,800,000 mpaka Sh. 30,100,000, na mkutano utapiga makofi.

Lakini Sh. 75,000,000 kwa 15.6 kwa mia zinadai Sh. 11,700,000. Duka jipya litaleta Sh. 6,300,000. Upungufu wake ni Sh. 5,400,000, na ukiujumlisha na wa duka la kwanza unafika Sh. 8,600,000. Faida imepanda na mali ya wanachama imeliwa zaidi. Hivi ndivyo vyama vingi vinavyojikuta vina majengo mengi na hali wanachama wao hawana kitu: kila mwaka faida iliyoandikwa ni kubwa kuliko ya mwaka jana, kwa sababu kila mwaka rasilmali iliyotiwa ni kubwa zaidi, na hakuna aliyeuliza kama nyongeza ya faida imelingana na nyongeza ya rasilmali.

Na tutazame upande wa pili. Tuseme badala ya kujenga tunapunguza. Madeni ya wanachama yatoke Sh. 76,000,000 yafike Sh. 46,000,000, na bidhaa ghalani zitoke Sh. 84,000,000 zifike Sh. 69,000,000. Zimetoka Sh. 45,000,000 na kurudi mikononi mwa Chama. Tukubali pia kuwa kwa kubana hivyo tutapoteza baadhi ya wanunuzi, na faida ya kazi itapungua kwa Sh. 2,000,000. Faida ya kazi baada ya kodi inakuwa Sh. 26,600,000. Rasilmali sasa ni Sh. 155,000,000, na kwa kipimo kile kile inadai Sh. 24,180,000. Inabaki ziada ya Sh. 2,420,000. Karatasi itaonyesha faida ya mwisho imeshuka mpaka Sh. 22,400,000, na huenda mkutano ukanung'unika. Lakini huo utakuwa mwaka ambao duka limewaongezea kitu. Mwenye kutazama faida peke yake ataisifu njia ya kwanza na kuilaumu ya pili, na atakuwa amegeuza mambo juu chini.

Mkituuliza ni wapi pesa zenu zimelala zaidi, tutawaonyesha daftari ya madeni. Nusu ya mauzo ya duka, yaani kiasi cha Sh. 160,000,000, ni kwa mkopo mpaka msimu, na deni hukaa karibu miezi sita kabla ya kulipwa. Gharama ya 15.6 kwa mwaka ni 1.3 kwa mwezi. Chukua jamvi la Sh. 20,000. Kila mwezi linapokuwa deni linamgharimu Chama Sh. 260, na kwa miezi sita Sh. 1,560. Leo anayelipa taslimu na anayelipa baada ya miezi sita wanapewa bei moja ya Sh. 20,000. Maana yake ni kuwa anayelipa taslimu anamchangia anayekopa. Na mkopo mkubwa hauchukuliwi na mwenye mikarafuu minane. Huyo hukopa gunia mbili au hununua kwa pesa alizonazo. Mkopo mkubwa huchukuliwa na mwenye shamba kubwa. Tazameni basi ni nani anayemsaidia nani.

Dawa yake si kuwanyima watu mkopo, kwani mkulima wa karafuu bila ya mkopo kabla ya msimu hawezi kuanika wala kuchuma. Dawa ni bei mbili: ya taslimu na ya msimu, zote zimebandikwa ukutani. Jamvi lile liwe Sh. 20,000 taslimu na Sh. 21,560 kwa anayelipa baada ya miezi sita. Rai ya wengi katika wanavyuoni wa madhehebu manne ni kuwa bei ya muda yaweza kuzidi ya taslimu, kwa sharti mnunuzi na muuzaji wakubaliane juu ya bei moja kabla ya kuachana, na kwa sharti deni lisiongezwe hata senti likichelewa. Nyongeza baada ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe. Kwa hivyo anayechelewa asiongezewe, ila mwaka unaofuata auziwe kwa taslimu tu mpaka daftari yake iwe safi.

Yako mambo ambayo hesabu hii haiyasemi vizuri, na si uaminifu kuyaficha.

La kwanza ni siku ya kuhesabu. Tumesema rasilmali ni wastani wa mwaka, na neno hilo lisipite hivi hivi. Lau tungaliihesabu siku moja tu, ile siku ya kufunga vitabu baada ya msimu, tungalikuta madeni yamelipwa yakabaki Sh. 20,000,000 na ghala limekwisha likabaki na bidhaa za Sh. 40,000,000. Rasilmali ingalionekana ni Sh. 100,000,000, madai yake Sh. 15,600,000, na duka lingalionekana lina ziada ya Sh. 12,400,000. Duka ni lile lile na kazi ni ile ile; kilichobadilika ni siku iliyochaguliwa. Basi mtakapoletewa hesabu ya ziada, swali lenu la kwanza liwe: rasilmali hii ni ya siku gani? Asiyeweza kuonyesha hesabu za mwisho wa kila mwezi, miezi yote 12, asikubaliwe.

La pili ni umri wa vitu. Kila mwaka gari na jengo hushuka thamani vitabuni, na madai ya rasilmali hushuka pamoja nao. Msimamizi asiyefanya lolote ataonekana anaendelea vizuri kila mwaka, mpaka siku gari inapokufa njiani na kununuliwa mpya. Kadhalika mikarafuu yetu haizai sawa kila mwaka. Baada ya mzao mkubwa huja midogo, na magunia na majamvi huuzwa kwa kufuata mzao. Kwa hivyo duka lisisifiwe wala lisihukumiwe kwa mwaka mmoja. Misimu minne ikitazamwa pamoja itasema kweli zaidi.

La tatu ni lile kiwango cha 18. Duka letu linaleta Sh. 28,000,000 kwa Sh. 200,000,000, yaani 14 kwa mia. Ukiwa wewe mwanachama unaridhika na chini kidogo ya 16 kwa mia kwa pesa zako, basi kwa upande wako duka la kwanza linajitosha, na upungufu tuliousema umefutika. Kwa hivyo hatusemi kuwa duka la kwanza ni baya. Tunasema liko ukingoni. Lakini duka la kaskazini linaleta Sh. 6,300,000 kwa Sh. 75,000,000, ambayo ni 8.4 kwa mia. Hapo hakuna haja ya kubishana juu ya 18 wala 16. Linaleta sawa tu na gharama halisi ya mwenye dhamana, anayelipwa kwanza; na sehemu ya akiba hiyo, kama ingalitumika kuipunguza banki deni lake, ingalituokolea 8.4 hiyo hiyo kwa kila mia bila ya kujenga ukuta wala kubeba khatari yoyote.

La nne ni hoja ambayo sisi wenyewe twaiheshimu. Duka la Chama halikujengwa kwa ajili ya faida tu. Lilijengwa ili mwanachama asinyonywe bei wakati wa msimu. Nafuu ya bei haionekani katika ziada, kwa sababu imo mifukoni mwa wanunuzi. Ikiwa bei zetu ni nafuu kwa shilingi moja tu katika kila mia kuliko za maduka mengine, basi katika mauzo ya Sh. 320,000,000 wanachama wameokoa kiasi cha Sh. 3,200,000, ambazo ni sawa na upungufu wote. Hoja hii ina uzito, lakini ipimwe. Kamati iwatume watu wawili katikati ya msimu waandike bei za vitu kumi katika maduka matatu, na karatasi hiyo isomwe pamoja na hesabu. Na tukumbuke kuwa nafuu ya bei humwendea anayenunua sana, na hali upungufu wa rasilmali humwangukia kila mwenye hisa, hata asiyenunua gunia.

Baada ya maelezo haya, rai yetu kwa Mkutano ni hii. Duka la kaskazini lisikubaliwe mwaka huu kwa makisio haya. Wanaolitaka wapewe nafasi ya kuleta makisio mengine, pengine ya chumba cha kukodi na bidhaa chache za msimu tu, badala ya jengo na ghala. Kwani kwa madai ya 15.6 kwa mia, faida ya kazi ya Sh. 9,000,000 kabla ya kodi yaweza kubeba rasilmali ya kiasi cha Sh. 40,000,000, si zaidi. Bei mbili ziandikwe kabla ya msimu ujao. Na kila robo ya mwaka karani abandike mlangoni mwa ofisi karatasi moja yenye mistari mitatu: faida ya kazi baada ya kodi, wastani wa rasilmali, na kilichobaki baada ya rasilmali kupata haki yake.

Ndugu zetu wa kaskazini wasidhani kuwa tunawanyima haki yao. Wanatembea mbali kwa gunia, nasi twalijua hilo. Lakini pesa za akiba ni zao pia, na duka litakalozila litawaacha na mlango uliofungwa na akiba iliyokwisha. Njooni mkutanoni na kalamu, mtuulize, na kama mna hesabu iliyo bora kuliko hii, isimamisheni mbele ya wote.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama